Kijipicha Kimeahidi Chapati, Video Inaanza na Nembo

Wenye chaneli za YouTube wanaoanza kufuatilia takwimu zao hukwama mapema kwenye namba moja: katika kila mara 100 ambazo kijipicha cha video kilionyeshwa, kilibofywa mara ngapi? Kwenye YouTube Studio namba hiyo imeandikwa "Impressions click-through rate". Hapa nitaiita kiwango cha mibofyo. Swali linalofuata ni lilelile siku zote: kiwango kizuri ni kipi? YouTube wenyewe wanaeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote ziko kati ya asilimia 2 na asilimia 10. Jibu hilo ni la kweli lakini halimsaidii mtu. Mwenye asilimia 3 anaweza kuwa na video inayokwenda vizuri, na mwenye asilimia 9 anaweza kuwa na video inayokufa, na sababu iko kwenye kile kinachotokea baada ya kubofya.

Tuchukue mfano, tena wa jikoni, maana mapishi ni kazi ambayo jicho huamua haraka. Tuseme kuna dada wa Tanga mwenye chaneli ya mapishi. Ametengeneza video ya chapati za kusukuma zinazobaki laini hadi jioni. Video yenyewe ni nzuri na maelezo yake ni sahihi. Namba nitakazotumia nimezibuni ili hesabu ionekane, lakini mwenendo wake utautambua yeyote mwenye chaneli.

Kijipicha chake cha kwanza kilikuwa hivi: yeye amesimama jikoni akitabasamu, sahani ya chapati iko mezani, nembo ya chaneli iko pembeni, na juu yake kuna maandishi ya njano, "JINSI YA KUPIKA CHAPATI LAINI SANA ZA KUSUKUMA NYUMBANI". Kwenye kompyuta aliyotengenezea, picha ilijaa kioo na kila kitu kilisomeka. Kwenye simu, katikati ya video nyingine, sahani ilikuwa na ukubwa wa kifungo cha shati na maandishi yalikuwa utepe wa njano usiosomeka. Mwisho wa utepe huo ulikaa kona ya chini kulia, mahali ambapo YouTube huweka urefu wa video, kwa hiyo neno "NYUMBANI" lilifunikwa kabisa.

Katika kila mara 1,000 kijipicha kilipoonyeshwa, watu 24 walibofya. Walipoingia, walikutana na nembo inayozunguka kwa sekunde 6 na muziki juu, kisha salamu, kisha shukrani kwa waliojiunga wiki iliyopita, kisha ombi la kujiunga na kugonga kengele, kisha orodha ya vipimo. Chapati ya kwanza ilionekana kwenye dakika ya kwanza na sekunde ya kumi. Kufika sekunde ya 30 walikuwa wamebaki asilimia 38, yaani watu 9 kati ya wale 24.

Sasa angalia wengi hufanya nini hapa. Wanaona asilimia 2.4, wanashtuka, wanakimbilia kijipicha peke yake. Dada wetu akaweka uso wenye macho yaliyotoka, mshale mwekundu unaoelekea kwenye bakuli, na maneno "SIRI WANAYOFICHA MAHOTELINI". Kiwango cha mibofyo kikapanda hadi asilimia 6. Katika kila maonyesho 1,000 wakaja watu 60, lakini walikuja kutafuta siri ya hotelini, wakakuta nembo na salamu. Sekunde ya 30 walikuwa asilimia 22, yaani watu 13. Mibofyo imeongezeka mara mbili na nusu, ila waliobaki wameongezeka wanne tu, na wale 47 walioondoka wamekwisha kujua chaneli hii inaahidi nini na inatoa nini. Kwa mtazamaji anayenunua bando la siku, kudanganywa hivyo ni pesa yake.

Mfumo wa YouTube nao unaona. Tangu mwaka 2012 kampuni hiyo ilipoacha kutanguliza idadi ya kutazamwa na kuanza kutanguliza muda wa kutazama, mbofyo mtupu umepoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Dalili yake ni rahisi kuisoma: kiwango cha mibofyo kiko juu, lakini idadi ya maonyesho inashuka siku baada ya siku badala ya kukua. Ukiona namba hizo mbili zinakwenda pande tofauti namna hiyo kwa video changa, fungua mchoro wa watazamaji waliosalia kabla hujagusa kijipicha tena.

Mchoro huo uko kwenye takwimu za kila video, chini ya "Key moments for audience retention", na sehemu ya mwanzo imetengwa kwa jina la "Intro": inakwambia asilimia ngapi bado walikuwepo sekunde ya 30. Usiishie kwenye asilimia. Angalia umbo la mstari. Mstari ukiporomoka ndani ya sekunde 5 za kwanza, watu waliingia, hawakuona walichoahidiwa, wakatoka. Hapo tatizo ni kwamba kijipicha na picha ya kwanza ya video havifanani. Mstari ukikaa vizuri hadi sekunde ya 7 au 8 halafu ukateremka taratibu mpaka ya 30, watu waliamini wako mahali sahihi ila wamechoka kungoja. Hapo tatizo ni maneno. Na ukidondoka ghafla kwenye sekunde moja maalumu, nenda kaitazame sekunde hiyo. Mara nyingi utakuta sauti imepasuka, au umetamka "kabla hatujaanza".

Sekunde za kwanza kila video hupoteza watu, hata nzuri kabisa. Wapo waliobofya kwa kidole kuteleza. Usitafute mstari ulionyooka. Linganisha video zako zenyewe, zenye urefu unaokaribiana, uone ipi imeshika watu na ilianzaje.

Turudi jikoni. Marekebisho ya maana yalianzia pasipotarajiwa: dada alikaa na kuandika kichwa cha video na kuchora kijipicha kwenye karatasi kabla hata ya kuchota unga. Ukisubiri mpaka video ikamilike ndipo utafute picha, utabaki kuchagua fremu kutoka kwenye kilichorekodiwa, na fremu ya video ina ukungu wa mwendo, hasa mikono inapofanya kazi. Ukijua mapema unataka picha gani, unasimamisha upishi kwa dakika moja, unaweka simu kwenye hali ya picha badala ya video, unasogea karibu, unapiga. Mwanga wa dirishani unaotoka ubavuni ndio unaoonyesha tabaka za chapati. Taa ya simu ikimulika usoni mwa chapati huifanya ionekane bapa kama karatasi.

Kijipicha kipya kina vitu viwili tu. Upande wa kushoto, mikono miwili inachana chapati, na tabaka zinaonekana zikifunguka. Upande wa kulia, juu kidogo ili kona ya muda ibaki wazi, kuna chapati nyingine imekunjwa na imevunjika kwenye mkunjo. Maandishi ni maneno mawili: "HADI JIONI". Neno "chapati" halimo kwa sababu picha imekwisha kulisema, na kichwa cha video kinalisema tena: "Chapati za asubuhi, laini hadi jioni: kosa liko kwenye moto". Kwenye simu, kichwa kirefu hukatwa, kwa hiyo jambo lenye uzito limekaa mwanzoni.

Kupima kijipicha hakuhitaji programu. Kitazame kwenye simu yako kikiwa na upana wa vidole viwili, umenyoosha mkono, mwanga wa simu ukiwa chini. Kama mtu wa nyumbani hawezi kusema baada ya kukitupia jicho mara moja kwamba kinahusu nini, punguza vitu. Kisha kigeuze kiwe cheusi na cheupe. Kama mikono na chapati vimemezwa na ukuta wa nyuma, rangi ndizo zilizokuwa zinakubeba, na kwenye skrini hafifu ya simu ya bei nafuu rangi hizo hazitakuwepo. Faili lenyewe liwe na angalau pikseli 1280 kwa 720. Tusikae hapo.

Uso wa mtu je? Nimesikia ushauri kwamba kila kijipicha lazima kiwe na uso wenye mshangao. Siukubali. Kwenye chaneli ya mtu ambaye watu wanamfuata yeye, uso wake ni sababu ya kubofya. Kwenye chaneli ya mapishi yenye wafuasi mia chache, mtazamaji mgeni hakujui, anaitaka chapati. Uso unachukua nusu ya nafasi na kumwambia mgeni jambo ambalo hakuliuliza.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa sekunde za kwanza, na hapa kuna jambo la malezi yetu. Mswahili haingii nyumbani kwa mtu bila kubisha hodi, na dada wa Tanga aliona kuacha salamu ni utovu wa adabu. Hodi, hata hivyo, ni fupi. Mgeni habishi hodi kwa muda mrefu hivyo. Wala si lazima salamu itangulie picha. Inaweza kusemwa wakati mikono inafanya kazi.

Kuna sababu nyingine ya kufikiria picha kwanza. Kwenye ukurasa wa mwanzo wa programu ya YouTube, video inaweza kuanza kujichezesha yenyewe bila sauti mtu anapotulia kidogo kwenye kijipicha chake, hata kabla hajabofya. Kwa mtazamaji huyo sekunde zako za kwanza ni sehemu ya kijipicha, na salamu yako haisikiki. Anachoona ni nembo inayozunguka, au mdomo unaotembea. Basi mwanzo ufanye kazi hata ukiwa bubu.

Mwanzo mpya ulipangwa hivi. Kuanzia sekunde ya 0 hadi ya 3, mikono ileile ya kwenye kijipicha inachana chapati ileile, kwa karibu. Hakuna nembo wala muziki, kuna sauti ya mchano tu. Aliyebofya amepata uthibitisho papo hapo kwamba hakukosea njia. Sekunde ya 3 hadi ya 10, chapati ngumu inaingia kwenye picha na inavunjika, huku dada anasema: "Hizi mbili nimezipika asubuhi. Unga mmoja, donge moja, na nimezifunika kitambaa kimoja." Sekunde ya 10 hadi ya 20 anataja sababu waziwazi: ile ngumu ilipikwa kwa moto mdogo, ikakaa muda mrefu kwenye kikaango ikakauka kabla haijaiva, ile laini ilikuta kikaango kimeshika moto, ikaiva haraka ikiwa bado na unyevu wake. Sekunde ya 20 maji ya moto yanamiminwa kwenye unga, na hapo hapo, mkono ukichanganya, ndipo anasema: "Hamjambo, karibuni Tanga, leo tunakanda kilo moja."

Wapo watakaouliza: si ametoa siri yote kwenye sekunde 20, nani atabaki? Ametoa sababu, hajatoa ufundi. Mtu aliyeambiwa "kosa ni moto" anataka kuona moto wenyewe ni upi, kikaango kikiwa tayari kinaonekanaje, donge lipumzike muda gani kabla ya kusukumwa. Aliyepewa sababu ana la kufuatilia. Aliyeambiwa "baki nami mpaka mwisho nikwambie siri" anaburuta mstari wa muda na kuruka mbele, na wengi hawarudi. Maombi ya kujiunga yamehamishwa hadi pale donge linapopumzika, ambapo hakuna kinachoendelea jikoni hata hivyo.

Hesabu ya mfano wetu sasa: kiwango cha mibofyo ni asilimia 5, pungufu ya ile ya mshale mwekundu. Katika maonyesho 1,000 walikuja watu 50, na sekunde ya 30 walikuwa wamebaki asilimia 64, yaani 32. Kijipicha "kilichoshindwa" kwa mibofyo kimeleta watazamaji wa kweli zaidi ya mara mbili.

YouTube wenyewe wanahesabu kwa namna hiyo. Mwaka 2024 waliwafungulia wenye chaneli kifaa cha "Test & compare", kinachokuruhusu kuweka vijipicha hadi vitatu kwa video moja; watazamaji tofauti wanaonyeshwa tofauti, na mshindi anatangazwa kwa fungu la muda wa kutazama alilovuta. Kiwango cha mibofyo siyo kigezo. Kifaa hicho kinatumika kwenye kompyuta, na jaribio linaweza kuchukua hadi wiki mbili. Chaneli ndogo mara nyingi itajibiwa kwamba tofauti haikupatikana. Hilo nalo ni jibu, hasa kama vijipicha vyako vitatu vilitofautiana kwa rangi ya maandishi tu. Jaribu mawazo tofauti: chapati moja inayochanwa, chapati mbili zilizolinganishwa, kikaango kitupu kinachofuka.

Kwa asiye na kifaa hicho, njia ni kubadilisha kijipicha na kulinganisha kabla na baada, na hapa mitego ni miwili.

Wa kwanza ni uchache. Maonyesho 500 yenye asilimia 4 ni mibofyo 20. Kwa idadi hiyo, bahati peke yake inaweza kukusogeza kama pointi moja na nusu juu au chini. Ukiona imetoka 4 ikafika 5 usishangilie, na ikishuka hadi 3 usifute kazi yako usiku huohuo. Maonyesho yakifika 5,000, mtikisiko huo unapungua hadi karibu nusu pointi, na hapo tofauti ya pointi moja inaanza kuwa na maana.

Wa pili ndio unaowaliza wengi. Siku ya kwanza video inaonyeshwa zaidi kwa wanaokujua: maonyesho 1,000, asilimia 9, mibofyo 90. Wakiipenda, YouTube inaipeleka kwa wasiokujua: maonyesho 20,000, asilimia 4, mibofyo 800. Mwenye video anaona asilimia inashuka kutoka 9 hadi 4, anaogopa, anabadilisha kijipicha katikati ya safari. Video ilikuwa inakua. Kabla ya kuhukumu, fungua kichupo cha "Reach" utenganishe vyanzo: waliotoka kwenye kutafuta walinganishe na waliotoka kwenye kutafuta, wa ukurasa wa mwanzo na wa ukurasa wa mwanzo. Aliyeandika "chapati laini" kwenye kisanduku cha kutafutia ana njaa yake tayari. Aliye ukurasa wa mwanzo alikuja kuangalia mpira.

Kumbuka pia kwamba onyesho huhesabiwa pale tu kijipicha kinapokaa kwenye skrini zaidi ya sekunde moja na angalau nusu yake ikiwa inaonekana, tena ndani ya YouTube. Kiungo ulichotuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo hakiingii kwenye kiwango cha mibofyo. Lakini shangazi aliyefungua kukufurahisha, akatazama sekunde 10 na kufunga, anaingia kwenye mchoro wa waliosalia. Video changa yenye watazamaji 60, ambao 40 ni wa ukoo, itakupa mchoro wa adabu ya ukoo. Ngoja wageni wafike ndipo usome.

Video fupi za Shorts zina sheria zake: mtu hachagui kijipicha, anasukuma kidole na kukukuta. Huko tazama uwiano wa waliotazama na waliopitisha, na anza na mchano wa chapati bila hata sekunde moja ya utangulizi.

Kuhusu video za zamani, anza na zile ambazo waliofika walibaki lakini walikuwa wachache: asilimia ya sekunde ya 30 iko juu ya kawaida yako, kiwango cha mibofyo kiko chini. Hizo zinahitaji kijipicha na kichwa tu, kazi ya saa moja. Zile zenye mibofyo mingi na mwanzo mbovu usiziongezee mvuto, zikate. Ndani ya YouTube Studio kuna "Editor" inayokuruhusu kuondoa ile nembo na salamu ndefu bila kupoteza anwani ya video, maoni wala idadi ya kutazamwa. Video iliyotazamwa zaidi ya mara 100,000 inaweza kukataliwa kuhifadhi mkato huo kama chaneli haimo kwenye mpango wa washirika, na uchakataji unaweza kuchukua saa kadhaa, wakati ambao toleo la zamani linaendelea kuonekana. Ukikata, andika tarehe mahali, maana mchoro wa siku zote utachanganya mwanzo wa zamani na mpya. Chagua kipindi kinachoanzia siku ya mkato ndipo usome.